Bahari Isiyofika Sindeni

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, amewafunza wengi wetu kutunga. Taabu huanza tunapochukua kwake kisichochukulika.

Mstari wa mizani 16, uliogawanyika nane kwa nane, si mali yake. Naye aliupokea kwa waliomtangulia. Huo mwanafunzi wa Sindeni na autwae bila haya. Tuseme basi anataka kueleza njaa, akaandika: "Jahazi layumba sana, na kusi yavuma sasa." Mizani imetimia, hakika. Lakini Sindeni iko bara, Handeni. Jahazi hilo limetoka kitabuni. Mtunzi wa pwani aliliona, huyu amelisoma tu. Angaliandika: "Mahindi yamenyauka, masika yamekawia," mizani ingalikuwa ile ile, na ukame ungalikuwa wa shamba la mamaye.

Sisi walimu tusahihishapo huhesabu mizani kwanza, na ndiyo maana mwigo hutupita. Tumwulize mwanafunzi: picha hii umeipata wapi? Akitaja kitabu, na aufute mstari. Akitaja mahali, auache, hata kama kina chake kingali chachechemea.