Mzaha wa fundi viatu wa Roma

Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Mwaka 1969 aliitoa upya baada ya kuipitia, ikiitwa Juliasi Kaizari. Wengi wanaomsifu mwana huyo wa Butiama kwa kazi hiyo hutaja hotuba kubwa za mbele ya maiti. Hotuba zina ugumu wake, lakini mfasiri anapimwa mapema zaidi, kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mtu ambaye hata jina hana: fundi viatu mmoja anayefanya mzaha na wakubwa barabarani.

Ni siku ya kazi, watu wameacha kazi zao ili wamshangilie Kaizari. Maofisa wawili wanawakemea. Seremala anaulizwa kazi yake, anajibu moja kwa moja. Fundi viatu hajibu hivyo. Anasema kazi yake ni halali, dhamiri haimsuti, ni kutengeneza kitu kilichoharibika, na kitu chenyewe anakitaja kwa neno ambalo kwa Kiingereza hutamkwa sawasawa likiwa soli ya kiatu au likiwa roho ya mtu. Watazamaji wanasikia yote mawili. Ofisa anahisi anachezewa, anakasirika. Mistari ya Kiswahili nitakayoiweka hapa ni yangu, ya kupimia tu, haitoki katika tafsiri ya Nyerere.

Jaribio la kwanza ni kushika maana: "Mimi natengeneza soli mbovu." Kila neno ni sahihi na hakuna anayecheka. Lakini ukimya wa watazamaji ndio hasara ndogo. Tazama mstari unaofuata: ofisa anamtukana mtu huyu na kumwita mjuba. Kwa nini? Ameulizwa kazi, amejibu vizuri. Ofisa sasa anaonekana mwendawazimu. Hiki ni kipimo ambacho mfasiri anaweza kukitumia bila kusubiri ukumbi ujae: mzaha ukifa, mtu anayeujibu anabaki na hasira au kicheko kisicho na sababu. Soma jibu kabla hujausoma mzaha.

Jaribio la pili ni kushika sauti. Utafute neno la Kiswahili linalokaribiana na "soli" au na "roho". Utapata "sala", utapata "swali", na ukizilazimisha utapata kina, huku kicheko kikikukimbia. Watu watasikia maneno yanayofanana, lakini hakuna neno moja lililobeba mizigo miwili. Hapa Kiswahili chenyewe kinakupinga, kwa sababu ambayo wafasiri wachache huieleza vizuri.

Si kwamba hatuna maneno ya sauti moja. Tunayo tele: paa, kaa, chungu, tembo, mbuzi. Tatizo ni upatanisho. Sema "nimeazima mbuzi kwa jirani" na hakuna anayejua kama ni wa kufuga au ni ya kukunia nazi. Ongeza neno moja tu, "nitamrudisha" au "nitairudisha", na siri imetoka. Kiambishi kimetaja upande wake. Kiingereza hakina walinzi hawa mlangoni, ndiyo maana neno lake linaweza kukaa katikati ya maana mbili kwa sentensi nzima. Kwetu neno la namna hiyo linakaa katikati kwa muda mfupi sana, kisha kitenzi au kivumishi kinalikamata.

Kwa hiyo anayetaka utata katika Kiswahili ana njia mbili za kuaminika. Ya kwanza ni kutumia neno lenye maana mbili ndani ya ngeli moja, ili upatanisho usimsaliti. Ya pili ni kuuacha utata ukae kwenye kitenzi, kwa sababu kitenzi hakina ngeli yake: kinavaa ya mwenye kukitenda.

Nilianza na njia ya kwanza, nikaangukia "nyayo". Nyayo ni za miguu, na nyayo ni mwenendo wa mtu. Zote zinapatanishwa kwa "zi" na "za". Fundi akisema "nanyoosha nyayo za kombo", ofisa anasikia mhubiri na sisi tunasikia mshona viatu. Niliipenda sentensi hiyo mno. Nairobi ya miaka ya themanini ingezua jambo jingine kabisa, kwa kuwa tangu mwaka 1978 Nyayo ilikuwa kaulimbiu ya Rais Moi, na fundi anayejitangaza kunyoosha nyayo za kombo mbele ya maofisa wa serikali angehitaji wakili. Maneno yaleyale, upande ule wa mpaka, yanakuwa mzaha wa aina nyingine. Huku kwetu yangepita salama.

Hayakupita kwa fundi. Karibu na barabara hapa Buswelu, si mbali na ofisi za Manispaa ya Ilemela, kuna mzee anayeshona viatu chini ya mti, mwenye msharasi, gundi, uzi wa nailoni na vipande vya tairi. Nilimsomea. Akaniuliza, "Mwalimu, huyo ni fundi wa wapi? Nyayo ni za mguu. Mimi naweka soli." Yuko sahihi. Unyayo ni wa mtu, haununuliwi wala haushonwi. Mtazamaji wa kawaida angelimeza hilo, lakini mzaha huu unasimama juu ya kazi ya huyu mtu, na ukikosea jina la kazi umemtoa fundi jukwaani ukamweka mshairi. Nikamuuliza basi kiatu kibovu kinaharibikaje. Akachukua kimoja, akaonesha kisigino kilicholika upande. "Mwenyewe anakwenda upande. Ningemnyoosha yeye ingekuwa nafuu."

Hapo nikahamia kwenye kitenzi: "Wanaokwenda kombo, mimi nawanyoosha." Hakuna nomino ya kusalitiwa na ngeli. Kwenda kombo ni kutembea vibaya na ni kupotoka. Kunyoosha ni kuweka sawa kilichopinda, na kila mtoto aliyewahi kuambiwa "nitakunyoosha" anajua maana ile nyingine. Soli haimo, roho haimo. Maana ya maneno ya awali imeachwa yote, ila kazi yake katika tukio imebaki.

Bado nisingeliamini hilo bila kuangalia mbele. Katika tamthilia, baada ya ofisa kuwaka, fundi anamsihi asikasirike, kisha anaongeza kwamba hata naye akiharibika anaweza kumtengeneza. Ni mchezo wa pili wa maneno, tofauti na wa kwanza, na ndio unaomchoma ofisa kwelikweli: yaani wewe unitengeneze mimi? Mfasiri aliyetatua mzaha wa kwanza peke yake anafika hapa mikono mitupu, na nyayo zangu hazingenisaidia. Lakini kunyoosha kunavuka: "Nawe mheshimiwa ukienda kombo, nitakunyoosha." Mizaha miwili ya Kiingereza inayotegemea maneno mawili tofauti inashikwa na kitenzi kimoja, na safari hii kuna kitisho ndani yake, kama inavyotakiwa. Mizaha huja kwa mnyororo, kwa hiyo kiungo cha kwanza huchaguliwa kwa kutazama cha mwisho.

Mpangilio nao una sauti yake. Ningeandika "mimi nawanyoosha wanaokwenda kombo", maneno ni yaleyale na nguvu imepungua, kwa kuwa neno lenye meno limetangulia na mkia unaburuzwa nyuma yake. Katika mzaha neno la kufyatua hukaa mwisho. Kiswahili, ambacho huweka sifa baada ya jina, hupenda kukupokonya nafasi hiyo. Ndiyo faida nyingine ya kumtanguliza mtendwa na kumalizia kwa kitenzi.

Wanaojua jambo hili kwa vitendo kuliko wengi wetu wenye vyeti ni watafsiri wa filamu za kwenye vibanda umiza. Lufufu alijipatia jina Dar es Salaam kwa kuweka sauti yake juu ya filamu za nje; Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Mtafiti Matthias Krings, alipoandika juu ya usimulizi huu wa Tanzania, aliipa makala yake jina linalosema ni kugeuza wali kuwa pilau. Msimulizi hana ukurasa wa kutazama mbele na nyuma. Sauti moja inawabeba wahusika wote, na ana muda ambao mdomo wa mwigizaji umempa. Kwa mwendo wa kawaida wa kusema, silabi sita au saba kwa sekunde, mzaha wa sekunde mbili unampa silabi kumi na mbili hadi kumi na nne. "Wanaokwenda kombo, mimi nawanyoosha" ni silabi kumi na nne kamili. Maelezo ya neno la Kiingereza lenye maana mbili hayaingii humo hata kwa kukimbia.

Watu husema msimulizi wa kibandani anajitungia anavyotaka. Si kweli, picha inamfunga. Mwigizaji akiwa ameshika mkate, mzaha utoke kwenye mkate. Akiuhamishia kwenye ugali, benchi zima linaona. Kwa hiyo naye anafanya alichofanya fundi wetu: anaacha jina la kitu mahali pake na kuutafuta mzaha kwenye tendo.

Kuna njia ya mkato ambayo wasimulizi na waigizaji wa jukwaani huipenda, nami siipendi: kumpa mchekeshaji lafudhi ya Kisukuma. Kicheko kinakuja hata kabla ya neno. Ila angalia anayechekwa. Shakespeare alimweka fundi amcheke ofisa. Lafudhi inawafanya watazamaji wamcheke fundi. Buswelu watu watajicheka wenyewe na hakuna atakayeumia, lakini tukio limepinduka, na hasira ya ofisa imekosa sababu tena. Ukiniuliza nishike nini kati ya maana, sauti na athari, nitashika kwanza nani anamcheka nani. Athari isiyojali hilo ni kelele tu.

Mzaha mmoja wa fundi huyu nimeuacha ufe. Jina la Kiingereza la msharasi husikika kama neno la kusema "yote", na mwandishi analichezea mara kadhaa. Kiswahili hakina mlango hapo, na sikutaka kuuvunja ukuta. Fidia imo ndani ya tukio lenyewe. Anapoulizwa kwa nini anawaongoza watu hawa wote mitaani, fundi anajibu kwamba anataka viatu vyao vilike, apate kazi zaidi. Hapo hakuna mchezo wa sauti, ni akili ya biashara, na inavuka kutoka lugha yoyote kwenda lugha yoyote bila kodi. Nilipomsomea mzee wa chini ya mti tukio zima, alicheka hapo tu, akacheka sana. Akasema wiki za kampeni ndizo anazonunulia gundi ya akiba.