Kauli ya Kutendeka katika Barua ya Kuomba Radhi

Tunapofunza barua rasmi, muda mwingi huishia kwenye anwani mbili, mtajo na kimalizio. Uhakiki huu unajishughulisha na kipengele tofauti, yaani kauli za vitenzi, kwa kurejelea barua ambayo mvulana wa kidato cha tatu aliiandikia kamati ya nidhamu baada ya kunyofoa kurasa 14 za riwaya ya maktaba.

Katika nakala ya kwanza aliandika: “Nasikitika kwamba kurasa za kitabu zilinyofoka. Iwapo kuna yeyote aliyekwazika, naomba radhi.” Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, tazama kitenzi “zilinyofoka”. Angetumia kauli ya kutendwa, “zilinyofolewa”, msomaji angeuliza mara moja: na nani? Kauli ya kutendeka hailipi swali hilo nafasi, kwa maana haiambatani na mtenda. Kurasa zimekuwa kama embe lililoiva likaanguka lenyewe! Kauli hii ingefaa kama kitabu kingeharibika kwa kunyeshewa. “Iwapo” nayo inaitilia shaka hasara ambayo kamati ilikuwa imekwisha kuishika mkononi.

Nakala ya pili ilisema: “Mimi ndimi niliyenyofoa kurasa 14, ukurasa wa 61 hadi wa 74, ili nisome bwenini usiku. Wenzangu watatu waliokuwa na zamu baada yangu walikikuta kitabu kina pengo. Sikuchukua kitabu cha pili kinachotajwa.” Kitenzi sasa kina nafsi, na walioumia wametambuliwa. Sentensi ya mwisho huenda ikaonekana kama ukaidi, lakini si ukaidi. Anayekiri asilolitenda ili aonekane mnyenyekevu anaipotosha kamati sawa na anayeficha.

Sehemu ya fidia ndiyo huwalemea watahiniwa wengi. “Naahidi kuwa mwanafunzi bora” ni ahadi isiyo na kipimo. Nani ataithibitisha, na lini? “Wazazi wangu watalipa” humwadhibu mzazi ambaye hakunyofoa chochote. Mvulana huyu alipendekeza kuazima nakala ya mwenzake, kutoa fotokopi za kurasa hizo kwa pesa zake za matumizi, na kuzibandika kufikia Ijumaa chini ya uangalizi wa mkutubi. Aidha, angewaachia wale watatu zamu yake ya wiki mbili. Hapa kila kitenzi kina mtenda, muda na shahidi, na fidia inalingana na hasara yenyewe. Kufyeka nyasi, ambako wengi hukupendekeza kwa mazoea, hakungerudisha ukurasa hata mmoja.

Kasoro moja ilisalia katika hitimisho: aliishukuru kamati “kwa kunisamehe”, ilhali kamati ilikuwa haijaketi.