Samahani Ilifutwa kwenye Maneno, Ikajificha kwenye Tarehe

Barua zote mbili za mfasiri wetu, za kumwomba mteja kusogeza tarehe ya makabidhiano, mlizisoma hapa wiki iliyopita, kwa hiyo sizirudii. Ya kwanza ilikuwa na maneno 290 na samahani sita. Ya pili, iliyosahihishwa na mwenzake ofisini, maneno 41. Wengi mmeniandikia kuisifu ya pili. Mimi nasema ndiyo iliyomponza mfasiri wetu, na kosa lenyewe ni neno moja: Jumatatu.

Msahihishaji nimpe haki yake. Alifuta mafua ya mtoto, kukatika kwa umeme na "changamoto zilizo nje ya uwezo wetu" (neno hilo changamoto, siku nikipewa mamlaka, nitalitoza kodi). Ombi akalipandisha mstari wa kwanza, sababu akaiacha moja. Kazi safi.

Sasa tarehe. Kazi ni mwongozo wa pampu za maji, maneno 24,000, na ahadi ilikuwa Ijumaa tarehe 13. Barua inaandikwa Jumatano jioni: maneno 17,000 yameshafasiriwa, 7,000 bado. Kwa maandishi ya kiufundi mfasiri huyu hutoa maneno 2,000 kwa siku. Basi 7,000 ni siku tatu na nusu: Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu, na Jumanne hadi mchana. Mhakiki amekwisha kupitia sura saba za mwanzo, karibu maneno 12,000, na atakuwa akimfuata mfasiri kwa nyuma; kipande cha mwisho atakimaliza Jumatano tarehe 18. Weka siku moja ya akiba, maana hakuna kazi isiyo na swali la dakika za mwisho, unafika Alhamisi tarehe 19.

Barua ikaandika Jumatatu tarehe 16. Hata kama mfasiri angekesha Jumamosi na Jumapili, angemaliza kufasiri Jumapili mchana, na mhakiki angebakiwa na usiku mmoja. Hesabu hii msahihishaji hakuifanya. Aliangalia kalenda, akaona Jumatatu iko jirani na Ijumaa, kwa hiyo haitamkera mteja. Hiyo ni aibu ileile ya samahani sita: ilifukuzwa mlangoni ikaingilia dirishani.

Na mteja hakai na tarehe yako mfukoni. Anampigia mpangaji kurasa, mpangaji anampigia mwenye mtambo, mwenye mtambo anasogeza kazi ya mtu mwingine. Kutoka 13 hadi 19 ni siku sita na mzunguko mmoja wa simu. Kutoka 13 hadi 16, kisha hadi 19, ni siku sita zilezile na mizunguko miwili, na wa pili hakuna anayeuamini. Ndiyo maana barua fupi yenye tarehe ya uongo ni mbaya kuliko ndefu: ndefu ingemtia mteja shaka, akajipanga, fupi ilimtuliza.

Msimamizi wangu wa kwanza katika chumba cha kuchapia alikulia enzi za telegramu, posta ilipotoza kwa neno. Alihesabu siku kwanza kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, kisha ndipo akapunguza maneno. Hawa wa semina za mawasiliano, ambao nina kesi nao ya miaka mingi, hufundisha shukuru, omba radhi, eleza, omba radhi tena, kalenda hawaigusi.

Mimi ningeandika hivi:

"Habari za kazi, dada. Naomba kusogeza makabidhiano ya mwongozo wa pampu kutoka Ijumaa tarehe 13 hadi Alhamisi tarehe 19, saa sita mchana. Sura zenye michoro zimechukua muda mrefu kuliko nilivyokadiria. Samahani, kosa ni langu. Ijumaa hii utapata sura saba za mwanzo zilizohakikiwa, mpangaji aanze. Kama tarehe 19 inagongana na ratiba ya mtambo, nijulishe kesho kabla ya saa sita."

Ni ndefu kidogo kuliko ile, na samahani moja imo. Zile sura saba ndizo zinazoibeba: siku ya ahadi ya kwanza mteja anashika kitu mkononi. Lakini zisiende bila orodha ya istilahi, na mpangaji aambiwe wazi kwamba zinaweza kuguswa. Kifaa kikibadilishwa jina katika sura ya tisa, lazima kibadilike na katika sura ya pili, na kurasa zilizokwisha kupangwa zitafunguliwa upya. Mhakiki akiona istilahi bado zinayumba, usizitume; omba tarehe 19 peke yake.

Jumatatu tarehe 16, saa nne asubuhi, mfasiri wetu alituma barua ya tatu. Sikuichapa. Ina samahani tisa.