Kifuniko cha Soda na Ekari Moja ya Peramiho

Mama mdogo alinipigia simu jioni moja ya Oktoba, sauti yake ikiwa na wasiwasi. Baada ya kupokea shikamoo yangu alikwenda moja kwa moja kwenye shida: "Mwanangu, hii mifuko miwili na nusu ya DAP nitaitoa wapi, na shamba lenyewe ni ekari moja?"

Mwanawe alikuwa amemwekea kwenye simu programu ya kuchati ya akili mnemba, zile ambazo unaandika swali nazo zinakujibu kwa maandishi. Aliuliza kwa kifupi kiasi cha mbolea ya kupandia mahindi kwa ekari. Jibu lilikuja kwa Kiswahili safi, lenye vichwa vidogo na mpangilio wa kupendeza: kilo 125 za DAP kwa ekari, nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, mbolea kifuniko kimoja cha soda kwa shimo. Mama mdogo amelima Peramiho tangu mimi sijaanza shule, na kila mwaka hununua mfuko mmoja wa kilo 50. Lakini jibu lilikuwa limepangika mno, akaanza kujishuku yeye mwenyewe.

Jumamosi nilipanda gari kutoka Songea mjini, tukakaa kwenye benchi nje ya nyumba yake, tukalichambua jibu hilo. Nasimulia tulivyofanya kwa ajili ya wale ambao ndiyo kwanza wamewekewa programu hizi kwenye simu.

Tulianza na hesabu, kwa sababu hesabu haihitaji mtaalamu. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, ambazo huku tunazikadiria kwa hatua 70 kwa 70. Shimo moja kwenye nafasi ya sentimita 75 kwa 30 linachukua 0.75 mara 0.30, yaani mita za mraba 0.225. Ukigawa 4,047 kwa 0.225 unapata karibu mashimo 18,000. Sasa kifuniko cha soda. Tuliokota vifuniko vya chupa dukani kwa jirani, tukachota DAP iliyobaki msimu uliopita na kumwaga kwenye mizani ya duka mara 40, kila kifuniko kikiwa kimejaa. Ilikuja karibu gramu 200, yaani gramu 5 kwa kifuniko. Mashimo 18,000 mara gramu 5 ni kilo 90.

Hapo mama mdogo aliweka kalamu chini. Jibu lilisema kilo 125, lakini vipimo vilivyomo ndani ya jibu hilohilo vinatoa kilo 90. Mtu aliyepiga hesabu kweli hawezi kukupa vyote viwili. Jibu likijipinga lenyewe namna hii, halina haja ya kubishaniwa na mtu wa nje. Unajua tayari kwamba kuna mahali limekosea, na kazi inayobaki ni kupatafuta.

Tulipapata haraka. Vitabu na vijarida vingi vya kilimo huandika viwango kwa hekta, na mkulima wa Ruvuma hununua kwa ekari. Hekta moja ni ekari mbili na nusu hivi. Kilo 125 ukigawa kwa mbili na nusu unapata kilo 50, ule mfuko mmoja wa kila mwaka. Namba ilikuwa sahihi kwa hekta, ikabandikwa jina la ekari kwa sababu swali lilitaja ekari.

Kosa la aina hii linatokana na namna programu hizi zinavyofanya kazi. Iwe ChatGPT iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2022, iwe Gemini ya Google, zote zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na jibu zinalitunga kipande kwa kipande, kila mara zikichagua kipande kinachoelekea kufuata yale yaliyotangulia. Namba na jina la kipimo vinaweza kukutana kwenye sentensi moja bila kuwahi kukutana shambani. Baadhi hutafuta mtandaoni kabla ya kujibu, na hilo husaidia, ila zinachokikuta huko bado zinakiandika upya kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana sentensi yenye kosa husomeka kwa ulaini uleule wa sentensi iliyo sahihi. Kwa binadamu tumezoea kumpima msemaji kwa kusitasita kwake: bwana shamba asiye na hakika hukuna kichwa, huanza kuzungukazunguka. Kwenye maandishi haya dalili hiyo haipo, au ipo pasipostahili.

Mama mdogo alitaka kuiandikia, "Una uhakika?" Nilimwomba asubiri kidogo nimweleze. Swali hilo mara nyingi huifanya programu iombe radhi na kubadilisha jibu, hata kama la kwanza lilikuwa sahihi. Radhi yake haithibitishi chochote. Ni afadhali kufungua mazungumzo mapya, mahali pasipo na jibu la zamani, na kuuliza upya kwa ukamilifu. Tuliandika hivi: "Nina ekari 1 ya mahindi Peramiho, Songea. Nitapanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo. Kilo ngapi za DAP kwa ekari yote, na gramu ngapi kila shimo? Onyesha hesabu hatua kwa hatua."

Maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa. Jibu lililoonyesha hesabu lilikuja na kilo 50 kwa ekari na chini kidogo ya gramu 3 kwa shimo. Tulilifuata mstari kwa mstari kwenye daftari: gramu 50,000 kugawa kwa 18,000 ni 2.8. Nusu ya kifuniko, basi. Safari hii namba zote zilikubaliana, na zilikubaliana pia na mfuko wa kila mwaka.

Hata hivyo kukubaliana kwa hesabu kunathibitisha hesabu tu. Programu haijauona udongo wa shamba lile, wala haijui kama mwaka jana lilipandwa soya au mahindi juu ya mahindi. Kwa hiyo tulimpelekea afisa ugani wa kata lile daftari, akalisoma akiwa amesimama, akasema kwa shamba lile mfuko mmoja wa kupandia unatosha, na kwamba nguvu iliyobaki aiweke kwenye mbolea ya kukuzia kwa wakati wake. Ilichukua dakika tano kwa sababu tulimfikia na swali lililokwisha kunyooka. Naona hapo ndipo programu ilipotufaa zaidi kuliko kwenye lile jibu lenyewe.

Swali la pili alikuwa ameshaliuliza kabla sijafika: apande lini. Jibu lilimwambia Machi, mwanzo wa masika. Hili hakuhitaji kalamu, alicheka. Ruvuma ina msimu mmoja wa mvua, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huitaja miongoni mwa mikoa inayopata mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Vuli na masika ni za pwani na kaskazini. Maandishi kuhusu kilimo cha Tanzania yanayozungumzia misimu miwili ni mengi, na programu isiyoambiwa mahali hukupa jibu la kule kulikoandikwa sana. Mgeni angeweza kulifuata na kupanda wakati majirani mahindi yao yanabeba. Mama mdogo hakutaja Songea kwenye swali lile. Tulipoitaja, na tukataja mwezi tuliomo, jibu likahamia Desemba. Kutaja mahali kunasaidia sana, ila nisingeamini tarehe ya kupanda kutoka kwenye programu hata ikitaja kijiji kwa jina. Mvua ya mwaka huu haimo kwenye vitabu vya miaka iliyopita. Inatangazwa na wataalamu wa hali ya hewa, na mwishowe inaonekana kwa macho.

Swali la tatu ndilo lililonitia hofu. Alikuwa amepanga kuuliza mililita ngapi za dawa ya kiwavijeshi vamizi aweke kwenye bomba la lita 16. Hapo nilimwomba afunge simu, alete chupa yenyewe.

Sababu ni hii. Kiambato kimoja cha kuua wadudu huuzwa kwa nguvu tofauti. Emamektini benzoeti, kwa mfano, ipo ya maji yenye gramu 19 za kiambato kwa lita, na ipo ya chengachenga yenye gramu 50 kwa kilo. Jina ni lilelile, nguvu inazidi mara mbili na nusu. Anayejibu bila kuiona chupa hawezi kujua unayo ipi, na akikupa kipimo, hata kama kimeandikwa mahali fulani kwa usahihi, huenda ni cha chupa ya mtu mwingine. Ukizidisha unajihatarisha wewe na mboga zilizo kando ya mahindi. Ukipunguza, viwavi wanabaki na pesa imekwenda. Kipimo kiko kwenye lebo, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna na namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu. Lebo ikiwa imechanika au imeandikwa lugha usiyoisoma, irudishe chupa dukani au mwone afisa ugani.

Programu hata hapo ina kazi inayoiweza. Tuliiandikia maneno ya kwenye lebo kama yalivyo, tukaiomba ituelezee kwa maneno mepesi. Ilifanya vizuri, na kila sentensi tuliweza kuilinganisha na chupa iliyokuwa mezani. Utaona tofauti: kwenye swali la awali tungeiomba ijue kitu isichokiona, na kwenye hili tuliiletea kitu chenyewe.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama inatosha kuidai iseme imetoa wapi habari zake. Nilimwambia adai, kisha afungue. Programu hizi huweza kutaja kitabu ambacho hakipo, chenye jina zuri na mwaka wake. Kiungo kikifunguka, usome mwenyewe kama kinasema kile ulichoambiwa. Kisipofunguka, hesabu kwamba hukutajiwa chochote.

Mvua zilishika wiki ya kwanza ya Desemba. Mama mdogo alipanda ekari yake kwa siku mbili na vibarua wanne, nusu kifuniko kila shimo, na mfuko wa kilo 50 ulipofika mstari wa mwisho ulikuwa umebaki na mbolea kama sado moja.