Mhakiki Aanze na Cheti, Si na Lebo

Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa huona kikapu chake kimejaa, dawa zake zimo, lebo zimebandikwa, na bado haitwi. Kikapu kinasubiri mtu wa pili. Katika famasi ya hospitali yenye wafanyakazi wa kutosha, anayesoma cheti, kuchukua dawa kwenye rafu na kuandika lebo haruhusiwi kuikabidhi dawa hiyo kabla mwenzake hajaihakiki. Dakika hizo zina faida iwapo tu uhakiki unafanywa kwa mpangilio unaofaa, na mara nyingi haufanywi hivyo.

Tuchukue mfano wa mtoto mwenye kilo 8 na nimonia isiyohitaji kulazwa. Daktari ameandika amoksilini miligramu 250, mara 2 kwa siku, kwa siku 5. Rafuni kuna chupa za unga wa amoksilini za aina mbili: moja ikishachanganywa na maji huwa na miligramu 125 katika kila mililita 5, na nyingine miligramu 250 katika mililita hizohizo 5. Siku hiyo zimebaki za 125 tu. Mtoa dawa amezoea zile za 250, kwa hiyo akichukua chupa ya 125 anaandika kwenye lebo: mililita 5 mara 2 kwa siku, siku 5.

Hapo hakuna kinachoonekana kibaya. Dawa ndiyo iliyoandikwa, siku ni zilezile, na kipimo cha mililita 5 ndicho ambacho kila mtu amekiandika mara nyingi. Mhakiki akianza kwa kusoma lebo kisha akatupia jicho chupa, atakubali, kwa sababu akili yake tayari imepewa jibu na sasa inatafuta kulithibitisha. Mtoto ataondoka na nusu ya dozi.

Ndiyo maana mhakiki hufunika lebo, au huigeuza, na kuanza na cheti. Anasoma: miligramu 250. Anasoma chupa: 125 katika mililita 5. Anapiga hesabu yake mwenyewe: mililita 10 kila mara, mililita 20 kwa siku, 100 kwa siku 5. Baada ya hapo ndipo anafunua lebo na kulinganisha. Mwenzake hatakiwi kumwambia alichopata, hata kwa nia njema ya kuharakisha foleni, kwani hesabu ya pili iliyosikia jibu la kwanza ni hesabu ileile imerudiwa.

Jumla ya dawa nayo hufichua mengi. Chupa ya mililita 100 inapaswa kuisha siku ya tano. Kwa lebo ile yenye kosa zingetumika 50 tu, na nusu ya chupa ingebaki. Mama anayerudi kliniki na chupa iliyojaa nusu huku mtoto bado anapumua kwa haraka anaweza kulaumiwa kwamba hakumpa dawa, kumbe alifuata lebo neno kwa neno. Aidha, maji hutiwa kwenye unga baada ya uhakiki: chupa iliyokwisha kuchanganywa hairudi rafuni.

Kuna kosa ambalo kulinganisha cheti na chupa hakuwezi kulikamata. Kama uzito umeandikwa kilo 18 badala ya 8 na daktari akaandika miligramu 750, wote wawili watapata mililita 30 kila mara na watakubaliana. Kinachopiga kengele ni kikapu chenyewe: chupa 3 kwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Mhakiki mzuri humtazama mtoto, huuliza uzito, na cheti humrudia daktari.

Hatua ya mwisho iko dirishani. Kuuliza “Wewe ni mama Asha?” hakutoshi, kwa kuwa mama aliyechoka hujibu ndiyo. Ulizo ni, “Mama, mtoto anaitwa nani?” kisha, “Hebu nionyeshe kwenye kikombe utampimia mpaka wapi.” Kidole chake kikigusa mstari wa 10, kazi imekamilika.

Shida kubwa ni zahanati na maduka yenye mtoa dawa mmoja. Hapo mtu huweza kukiweka kikapu kando, akahudumia jambo jingine, kisha akarudi na kupiga hesabu kinyumenyume, kutoka mililita kwenda miligramu. Njia hii husaidia, lakini inategemea kichwa kilekile kilichokosea. Kwa dawa za watoto, ambazo nyingi hupimwa kwa uzito, naomba waganga wafawidhi wamruhusu muuguzi wa zamu asimame dirishani kwa dakika mbili na kupiga hesabu ya pili.