Kambi ya Ngarambe kwa mkopo wa benki: nani anapata faida?

Oktoba 2007 kampuni ya Blackstone ilinunua hoteli za Hilton kwa takribani dola bilioni 26, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Ilipouza hisa zake za mwisho mwaka 2018, faida ilikuwa imefika kama dola bilioni 14. Tangu hapo wapo wanaoamini kwamba mkopo wenyewe ndio unaozaa faida. Tuupime kwa mfano wa kubuni wa huku kwetu.

Tuseme kuna kambi ya watalii Ngarambe, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa mwaka inabakiza Sh milioni 500 kabla ya riba, kodi na uchakavu. Mwenyewe anataka mara sita ya hiyo, yaani Sh bilioni 3. Mnunuzi anatoa bilioni 1.5 mfukoni, na benki inamkopesha bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 15.

Mwaka wa kwanza riba peke yake ni Sh milioni 225. Kinachobaki kinagawanywa kati ya kodi, matengenezo ya magari na mahema, na kupunguza deni. Masika barabara zikiharibika wageni hawaji, lakini rejesho la benki halisubiri. Kwa hiyo tuseme kwamba katika miaka mitano amepunguza deni kwa milioni 600 tu, na limebaki milioni 900.

Ile milioni 500 ya mwaka nayo imepanda hadi Sh milioni 600. Akiuza kwa mara sita ileile anapata bilioni 3.6, analipa deni, anabaki na bilioni 2.7. Bilioni 1.5 imezaa mara 1.8. Inapendeza, mpaka uigawe kwa miaka:

```
(2.7 / 1.5)^(1/5) - 1 = 0.125
```

Ni asilimia 12.5 kwa mwaka. Benki, inayolipwa kwanza na yenye dhamana mkononi, imepata 15. Aliyebeba hatari yote amepata kidogo kuliko aliyemkopesha, kwa sababu kambi yenyewe haizalishi kiasi cha kuishinda riba. Hapo kuongeza mkopo ni kupunguza faida.

Wanunuzi wengi hujinasua kwa kuandika kwamba watauza kwa mara saba. Kweli, faida inaruka hadi asilimia 17, lakini hilo ni tumaini la kumpata mnunuzi atakayelipa zaidi yao. Akichelewa kupatikana, kila mwaka unaopita unakula asilimia. Hata kwa Hilton, wageni walipopungua baada ya msukosuko wa 2008, Blackstone walilazimika mwaka 2010 kuongeza fedha na kujadili deni upya na wakopeshaji.

Kinachoshikika ni bei ya kununulia. Kambi hiyohiyo ikinunuliwa kwa mara tano, kwa mkopo uleule, mtaji ni bilioni 1 tu. Ukiuza kwa mara tano vilevile, unapata asilimia 16 kwa mwaka bila kumtegemea mtu wa kulipa zaidi. Muuzaji akikataa kushuka, achana na kambi hiyo.