Vijiwe viwili vyeusi: kusoma hadithi ya bruchi ya bibi

Hadithi hii haijachapishwa. Imezunguka kwenye kikundi chetu cha kusoma kwa wiki tatu sasa, na mwandishi ameomba nisimtaje mpaka amalize kuirekebisha. Sawa. Kurasa kumi na nne tu, na mie nimezisoma mara nne, mara ya mwisho nikiwa na rula mkononi. Nitaeleza hiyo rula ilitoka wapi.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Mjukuu wa kike, ambaye mwandishi hampi jina, anarithi bruchi ya bibi yake aliyekuwa yaya kwenye shamba la mkonge huko Tanga. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa, meneja na mkewe walifunga mizigo wakaondoka. Bibi alikuwa anadai mishahara ya miezi minne. Mke wa meneja akamvua deni hilo kwa kumbandika bruchi kifuani: ua la vijiwe saba vyeupe, kimoja katikati na sita kuzunguka. "Hii ni zaidi ya ninachodaiwa," alisema. Kuanzia siku hiyo familia nzima iliishi ikijua kwamba bibi ana almasi.

Mwaka 1983 mjomba, mwanafunzi wa fundi cherehani, alimwomba mama yake auze bruchi ile anunue mashine yake mwenyewe. Bibi alikataa bila kueleza. Mjomba akaenda Mombasa, hakurudi hata kwa mazishi. Sasa bibi amekufa, bruchi iko kwa mjukuu, na ndani ya bati la biskuti kuna picha tatu.

Msomaji yeyote aliyepitia hadithi fupi za dunia ataanza kunong'ona hapa: Maupassant. Kweli, "La Parure" ya mwaka 1884 ndiyo mama wa hadithi zote za kito feki. Mwanamke anaazima mkufu, anaupoteza, yeye na mumewe wanalipa deni miaka kumi, halafu anaambiwa ulikuwa wa bandia. Lakini undugu wa hadithi yetu hauko huko. Uko kwa Henry James, "Paste" ya mwaka 1899, ambamo lulu zilizodhaniwa za bandia zinaonekana kuwa za kweli, na tatizo linageuka kuwa sifa ya marehemu: mwanamke wa heshima alizipata wapi, na kwa nani? Kwa Maupassant ukweli wa kito unamwangukia aliye hai. Kwa James unamgusa aliyekufa, ambaye hawezi kujibu. Bibi yetu wa Tanga naye hawezi kujibu, na hadithi nzima imekaa juu ya ukimya huo.

Sasa picha. Hapa ndipo wanakikundi waligawanyika, na ndipo nilipochukua rula.

Mwenzetu mmoja alisema haiwezekani picha ikaonyesha kama jiwe ni almasi au kioo. Ana haki nusu. Picha haiwezi kupima ugumu wala uzito, na taa ya studio huvifanya vyote viwili vimetemete sawasawa. Lakini mwandishi hakusema picha ilionyesha kioo. Alisema picha ya pili inaonyesha vijiwe viwili vimekuwa vyeusi. Na hapo, jamani, anajua anachozungumza.

Vijiwe vya kioo vya mapambo ya bei rahisi having'ai vyenyewe kama almasi. Kwa nyuma hupakwa utando mwembamba wa madini, kama mgongo wa kioo cha kujitazamia, na utando huo ndio unaorudisha mwanga. Kijiwe hukaa ndani ya kikombe kilichozibwa nyuma, mara nyingi kwa gundi. Jasho likiingia, au hewa ya chumvi ya pwani, au maji siku bibi alipoiosha kwa sabuni, utando unaoza. Kijiwe kinabaki mahali pake, hakijapasuka, hakijaanguka, ila kimekufa: kinakuwa kijivu, halafu cheusi. Almasi ikichafuka unaiosha, inarudi. Haifi hivyo.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, jiwe lolote, hata almasi halisi, linaweza kuonekana jeusi kwenye picha moja kwa sababu ya pembe ya mwanga. Kwa hiyo picha moja si ushahidi. Ya pili, kufungwa nyuma peke yake hakutoshi, maana masonara wa Ulaya wa karne ya 18 walifunga hata almasi za kweli nyuma kwa karatasi ya madini. Ila kwa pambo la katikati ya karne ya 20, mgongo uliozibwa unatosha kukutia wasiwasi, kwa kuwa almasi za wakati huo kwa kawaida ziliachwa wazi nyuma mwanga upite.

Mwandishi anaijua tahadhari ya kwanza. Picha ya mwaka 1968 ni ya studio, nyeusi na nyeupe, vijiwe saba vinang'aa. Picha ya Krismasi 1982 inaonyesha cha juu na cha kushoto vimekufa. Mjukuu anadhani ni kivuli. Anaichukua bruchi yenyewe, anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha: vyote saba vinang'aa. Basi, ni kivuli. Kisha anaona kwamba vijiwe viwili, cha juu na cha kushoto, vimezungukwa na pete nyembamba ya njano. Gundi ya zamani.

Hiyo sentensi ya gundi ndiyo iliyonifanya niweke kurasa chini nikaenda kuchemsha chai.

Lakini rula inasema kitu kingine. Mwandishi anatuambia picha ya mwaka 1982 ni ya kikundi: watu thelathini mbele ya kanisa, bibi mstari wa pili. Tupige hesabu. Picha ya kawaida ya wakati ule ilikuwa na upana wa kama sentimita 14. Mistari mitatu ya watu kumi kumi inahitaji mita tano au sita za ukweli. Kijiwe cha milimita 6 kwenye picha hiyo kinabaki na kama sehemu ya saba ya milimita. Hata ukikuza kwa simu utaona punje za karatasi, huoni kijiwe. Kwenye picha ya studio ya kifua, ambayo urefu wake wa sentimita 14 unabeba kama sentimita 80 za mtu, kijiwe hichohicho kinakuwa milimita moja. Hicho kinaonekana, hata kwa macho makavu kama picha ni kali.

Mtasema nachunguza hadithi kama karani wa mahakama. Hapana. Hadithi hii imeamua kwamba ugunduzi utatoka kwenye picha, haukutoka kinywani mwa mtu. Ikishaamua hivyo, picha lazima ziweze kubeba ushahidi huo. Dawa ni rahisi: Krismasi ya 1982 bibi aende studio na mjomba, wawili tu. Tena tutapata faida ya pili, maana tutamwona mjomba ana kwa ana kabla ya ugomvi, amesimama sentimita chache kutoka kwenye vijiwe vilivyokufa, bila kuviona.

Picha ya tatu ni ya rangi, na nyuma imeandikwa kwa kalamu "Pasaka 1984". Vijiwe saba, vyote vinang'aa. Mjukuu anaitazama, anairudisha kwenye bati, na hadithi inaendelea na mambo mengine. Mwandishi hasemi neno. Wengi kwenye kikundi walipita hapo mbio, na hata mie mara ya kwanza nilipita.

Rudi kwenye tarehe. Krismasi 1982 vijiwe vimekufa. Mwaka 1983 mjomba anaomba, anakataliwa, anaondoka. Pasaka 1984 vijiwe vimetengenezwa. Yaani kati ya picha hizo mbili bibi aliipeleka bruchi kwa mtu wa kubandika vijiwe. Huwezi kumpelekea sonara pambo lenye vikombe vilivyozibwa, ukamwomba abadilishe mawe mawili, akakutengenezea bila kukuambia ni nini ulichomletea. Au basi, unaweza, kama sonara ni mtu wa huruma. Lakini bei ya kazi ingemwambia: hakuna anayebadilishiwa almasi mbili kwa pesa ya yaya mstaafu.

Kwa hiyo mama huyu alijua. Na mimi nasoma hivi: alijua kwa sababu alikwenda kuuza. Mwanawe alipoomba cherehani, bibi hakukataa moyoni. Alifunga bruchi kwenye leso akaenda mjini kwa siri, akaambiwa ukweli, akarudi nyumbani akasema, "Siuzi." Angesema nini? Kwamba miezi minne ya jasho lake ililipwa kwa kioo? Afadhali mtoto amwone mchoyo kuliko amwone aliyepumbazwa. Kisha akalipa pesa nyingine, pesa ambayo hakuwa nayo, ili uongo wa mtu mwingine uendelee kung'aa kifuani pake kila Jumapili.

Na mke wa meneja, alijua? Hadithi haisemi, na naomba isiseme kamwe. Huenda yeye naye alipewa na mumewe akaamini.

Ndiyo maana nina ugomvi na kurasa mbili za mwisho. Mjukuu anaipeleka bruchi kwa sonara, sonara anaipima, anatikisa kichwa, anasema "shaba na kioo, dada, pole." Kisha mjukuu anatembea ufukweni akiwaza kwamba thamani ya kitu iko kwenye upendo. Bwana wee! Sonara anatuambia tulichokwisha kukiona kwa macho yetu. Ufuko unatuambia tusichokiamini, maana kilichoko kwenye bruchi ile si upendo mtupu. Kuna deni, kuna aibu, kuna mtoto aliyekwenda Mombasa akiwa na hasira asiyostahili kuibeba. Mjomba yuko hai! Mwandishi amemsahau. Mtu mmoja duniani anayeihitaji picha ya Pasaka 1984 ana umri wa miaka sitini na kitu, anashona nguo mahali fulani, na bado anaamini mama yake alipenda jiwe kuliko yeye.

Nimemwandikia mwandishi nikamshauri akate kurasa hizo mbili, na mjukuu atafute namba ya mjomba. Si lazima tusikie mazungumzo yao. Akajibu usiku uleule kwamba sonara anaondoka bila kinyongo, ufuko pia, ila kuhusu simu ana shaka: mjukuu akipiga, ataanza kwa kusema nini, "Shikamoo mjomba," halafu? Nimekaa na swali hilo tangu juzi. Picha angeweza kuituma tu, bila maneno, na ile ya 1982 pembeni yake. Fundi cherehani ana jicho la vitu vidogo.